Kuzuia mlipuko kwenye uso wa kazi: mwongozo wa zamu moja katika mgodi wa makaa ya mawe

Mlipuko mkubwa katika mgodi wa makaa ya mawe kwa kawaida hupitia hatua mbili. Kwanza huwaka methani, gesi inayotoka ndani ya makaa yanapokatwa, na mara nyingi kiasi kinachowaka mwanzoni si kikubwa. Kisha wimbi la hewa linalosukumwa na moto huo hulitimua vumbi la makaa lililotulia sakafuni, ukutani na kwenye paa la njia, na moto unaofuata nyuma ya wimbi hilo hulikuta vumbi limeshatapakaa hewani, tayari kuwaka. Vumbi likishawaka halihitaji tena gesi: hujitengenezea wimbi jipya, hutimua vumbi la mbele yake, na mlipuko huweza kuwafikia watu waliokuwa mbali kabisa na mahali methani ilipowakia.

Ndivyo ilivyokuwa tarehe 5 Aprili 2010 katika mgodi wa Upper Big Branch, jimbo la West Virginia nchini Marekani, ambako watu 29 walikufa. Wachunguzi wa MSHA, mamlaka ya serikali ya Marekani inayosimamia usalama wa migodi, walihitimisha kwamba mashine ya kukatia makaa ilikuwa na meno yaliyochakaa, kwamba baadhi ya vinyunyizio vyake vya maji havikuwepo, kwamba moto mdogo wa methani ulianzia penye mashine hiyo, na kwamba vumbi la makaa ambalo halikuwa limechanganywa na unga wa mawe wa kutosha ndilo lililoupeleka mlipuko mbali. Hakuna hata moja kati ya kasoro hizo iliyokuwa ngeni au isiyojulikana namna ya kuizuia.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya msimamizi wa zamu, na unafuata uso mmoja wa kazi, yaani mahali makaa yanapokatwa, tangu kabla ya mashine kuwashwa. Tuchukue njia yenye upana wa mita 5 na kimo cha mita 2, ambayo mbele imezibwa na makaa yanayokatwa. Pazia la hewa limetundikwa kwa urefu wa njia, mita 1 kutoka ukuta wa kushoto. Hewa safi inaingia nyuma ya pazia, inageuka kwenye uso wa kazi, kisha inarudi kupitia upande mpana wa kulia. Makaa ya mahali hapa, yanapokatwa, yanatoa lita 50 za methani kila sekunde, yaani mita za ujazo 0.05. Viwango vya kisheria nitakavyovitaja ni vya kanuni za Marekani. Sheria ya nchi yako ikiwa kali zaidi, ifuate hiyo.

Hatua ya kwanza: pima hewa kabla ya kupima gesi

Wasimamizi wengi huanza na kipima gesi. Naona ni afadhali kuanza na hewa, kwa sababu kipima gesi kinaonyesha matokeo, ilhali kiasi cha hewa ndicho kinachoyaamua matokeo hayo. Kabla ya kukata, gesi inaweza kuwa karibu na sifuri hata pale ambapo hewa ni haba, na upungufu huo hautaonekana mpaka makaa yaanze kuvunjika.

Simama kwenye mdomo wa pazia, upande ambako hewa safi inaingilia, kisha pitisha anemomita, kifaa cha kupimia mwendo wa hewa, polepole katika eneo lote kutoka juu hadi chini kwa muda wa dakika moja, bila kuukinga mkondo kwa mwili wako. Katika mfano wetu nafasi hiyo ina upana wa mita 1 na kimo cha mita 2, hivyo eneo lake ni mita 2 za mraba. Anemomita ikionyesha mita 4 kwa sekunde, hewa inayoingia ni mita za ujazo 8 kwa sekunde. Ukigawanya methani kwa jumla ya hewa na methani, yaani 0.05 kwa 8.05, unapata asilimia 0.6. Hicho ndicho kiwango unachopaswa kukitarajia kazi ikiendelea, nacho kiko chini ya asilimia 1, kiwango ambacho kikifikiwa kanuni zinataka umeme wa mashine ukatwe na hewa irekebishwe.

Sasa tuseme sehemu ya pazia imeanguka, na hewa inayofika mbele imeshuka hadi mita za ujazo 3 kwa sekunde. Gesi inayotoka ni ileile, lakini hesabu inatoa asilimia 1.6, na kuanzia asilimia 1.5 watu wanatakiwa kuondolewa. Makaa hayakubadilika, kilichobadilika ni kitambaa. Hata kiwango cha chini cha kisheria cha hewa ya kila uso wa kazi, ambacho kwa vipimo vyetu ni takribani mita za ujazo 1.4 kwa sekunde, kingeacha mahali hapa na methani ya zaidi ya asilimia 3. Kwa hiyo kiasi cha hewa huwekwa kulingana na gesi inayotoka mahali husika, na tarakimu iliyoandikwa kwenye kanuni ni sakafu tu ambayo hairuhusiwi kushuka chini yake.

Ukishapima kwenye mdomo wa pazia, nenda uangalie pazia linaishia wapi. Hili ni kosa linalowapita hata watu makini. Mashine inaposonga mbele na pazia likabaki nyuma, hewa hugeuka penye ncha ya pazia na kurudi bila kuufagia uso wa kazi, huku anemomita kwenye mdomo ikiendelea kuonyesha mita 4 kwa sekunde kana kwamba kila kitu ni sawa. Kanuni za Marekani zinataka ncha ya pazia isiwe zaidi ya futi 10, yaani kama mita 3, kutoka sehemu ya ndani kabisa iliyokatwa, isipokuwa mpango wa hewa ulioidhinishwa wa mgodi umeelekeza vingine. Dalili ya kosa hili ni kwamba methani kwenye mashine inapanda ilhali kipimo cha hewa mdomoni hakijabadilika. Ukiona mambo hayo mawili kwa pamoja, simamisha ukataji na ulisogeze pazia kabla ya kutafuta sababu nyingine yoyote.

Hatua ya pili: itafute gesi mahali inapokaa

Methani haina rangi wala harufu, na uzito wake ni karibu nusu ya uzito wa hewa. Hewa ikiwa na mwendo mzuri, gesi huchanganyika nayo. Hewa ikizubaa, hasa mwendo wake ukishuka chini ya nusu mita kwa sekunde, gesi inayotoka juu inaweza kutandaza tabaka chini ya paa. Katika mfano wetu, upande wa kurudi una eneo la mita 8 za mraba, hivyo mita za ujazo 8 kwa sekunde zinaipa hewa mwendo wa mita 1 kwa sekunde. Pazia lilipoanguka, mwendo huo ulishuka hadi takribani mita 0.4. Upungufu mmoja umeleta madhara mawili: gesi imeongezeka, na imepata nafasi ya kujitenga juu.

Kwa sababu hiyo, kipimo kilichochukuliwa kifuani kinaweza kusema asilimia 0.5 huku sentimita chache chini ya paa kukiwa na mchanganyiko unaoweza kulipuka. Pima kwa fimbo ya kuchukulia sampuli, karibu na paa, kwenye mashimo yaliyoachwa na mawe yaliyodondoka, na kwenye pembe ambazo hewa haipiti sawasawa. Kanuni za Marekani zinataka kipimo cha kisheria kichukuliwe angalau inchi 12, yaani sentimita 30, kutoka kwenye paa, uso wa kazi, kuta na sakafu; kipimo cha karibu zaidi na paa ni nyongeza yako ya kulitafuta tabaka. Ukipata kiwango cha chini katikati ya njia na cha juu penye shimo la paa, usivitafutie wastani. Kiwango cha juu ndicho kinachohesabika, kwa sababu cheche haiwaki kwenye wastani.

Kanuni zinadai pia vipimo virudiwe kila dakika 20 au mara nyingi zaidi mashine za umeme zinapofanya kazi mbele. Ikiwa shinikizo la hewa ya juu ya ardhi linashuka haraka, kama inavyotokea dhoruba inapokaribia, vipime mara nyingi zaidi ya hapo, hasa kandokando ya maeneo yaliyochimbwa na kuachwa. Gesi iliyojikusanya humo hutanuka na kumiminika kwenye njia zenye watu bila mtu yeyote kugusa makaa.

Hatua ya tatu: hakikisha kipima gesi kinasema kweli

Vipima methani vingi vina ushanga mdogo uliopashwa moto kwa umeme. Methani inapofika juu yake huungua bila mwali, joto huongezeka, ukinzani wa umeme hubadilika, na badiliko hilo ndilo linalosomwa kama asilimia. Ni kifaa kizuri, lakini kina udhaifu wa aina mbili ambao kila anayekibeba anapaswa kuujua.

Udhaifu wa kwanza ni sumu. Mvuke wa silikoni kutoka kwenye baadhi ya vilainishi na vinyunyizio, pamoja na misombo ya risasi na salfa, hupaka ushanga na kuufanya usiunguze gesi tena. Kifaa kilichoharibika hivyo kinawaka taa, betri yake imejaa, na kinaonyesha sifuri. Sifuri hiyo haina tofauti yoyote na sifuri ya hewa safi, na kwa kuitazama tu huwezi kugundua kasoro. Njia ya kugundua ni kukipitishia gesi ya majaribio yenye kiwango kinachojulikana, kwa mfano methani ya asilimia 2.5, mwanzoni mwa kila zamu. Kikishindwa kuikaribia 2.5, au kikichelewa kupanda, kirudishe na uchukue kingine. Kipima kilichofungwa kwenye mashine hurekebishwa kwa gesi ya aina hiyohiyo angalau mara moja kila siku 31 kwa mujibu wa kanuni za Marekani. Muda huo ni wa marekebisho rasmi, na haumzuii mtu kukijaribu kila siku.

Udhaifu wa pili ni hatari zaidi. Ushanga unahitaji oksijeni ili uunguze gesi. Methani ikizidi kiwango cha karibu asilimia 10, oksijeni haitoshi, na tarakimu badala ya kupanda huanza kushuka. Mtu aliyechelewa kutazama anaweza kuona asilimia 2 na kudhani kwamba gesi imepungua, kumbe amesimama kwenye gesi nyingi inayokaribia kumnyima pumzi. Kwa hiyo kipima kilichoruka ghafla hadi mwisho kisha kikashuka kisiaminiwe hata kidogo: rudi ulikotoka, kwenye hewa safi, na upime upya kwa kifaa cha kiwango cha juu. Vipima vinavyotumia mwanga wa infraredi havihitaji oksijeni wala havidhuriwi na silikoni, lakini vumbi na matone ya maji yakikaa kwenye kioo chake navyo hukosea.

Hatua ya nne: wakati wa kukata, soma mwelekeo

Methani hulipuka ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa, na mlipuko huwa mkali zaidi karibu na asilimia 9.5. Watu huuliza kwa nini basi kazi isimamishwe kwenye asilimia 1, wakati hatari bado iko mbali. Hesabu ya mfano wetu inajibu. Mita 20 za mwisho za njia yetu zina ujazo wa mita 200. Hewa ikikatika kabisa na gesi ikaendelea kutoka lita 50 kwa sekunde, mita za ujazo 10 zinazotosha kuifanya nafasi hiyo yote iwe na asilimia 5 zitakuwa zimejaa katika sekunde 200, yaani dakika tatu na ushei. Chini ya paa kiwango hicho kitafikiwa mapema zaidi. Nafasi kati ya asilimia 1 na asilimia 5 ni dakika chache tu za kufanya uamuzi na kutoka.

Kipima cha kwenye mashine hutoa onyo kwenye asilimia 1 na hukata umeme chenyewe kwenye asilimia 2. Usingoje kikate. Mwambie mwendesha mashine ataje tarakimu kila anapomaliza mkato mmoja, uiandike. Ikiwa tulitarajia 0.6, kisha zinakuja 0.5, 0.6, 0.7, 0.8, hakuna kengele iliyolia, lakini kuna kitu kimebadilika: pazia limebaki nyuma, mlango wa hewa umeachwa wazi mahali fulani, au makaa mapya yana gesi nyingi zaidi. Simamisha kwenye 0.8 na utafute. Kwa maoni yangu huu ndio ustadi mkuu wa msimamizi wa zamu, na ni mgumu kwa sababu unamtaka asimamishe uzalishaji wakati karatasi ya kanuni bado inamruhusu kuendelea.

Kipima kinachokata umeme mara kwa mara kitaleta kishawishi cha kukiunganishia waya wa kukiruka ili mashine isizimike. Anayefanya hivyo amebakiza mashine yenye uwezo wa kutoa cheche na kuondoa kitu pekee kinachoizima bila kumsubiri mtu. Kipima chenye hitilafu kinamaanisha mashine isimame mpaka kitengenezwe.

Kagua pia meno ya kukatia na maji. Jino lililochakaa likigonga jiwe la mchanga huacha nyuma yake mstari wa jiwe lililopata joto la kutosha kuwasha methani. Jino kali hukata kwa joto dogo zaidi, na maji yanayonyunyizwa nyuma ya jino hupoza mstari huo. Pima shinikizo la maji, hesabu vinyunyizio vinavyofanya kazi, na usiruhusu mashine ianze ikiwa hata kimoja kimeziba au kimeng'oka.

Hatua ya tano: lizuie vumbi lisibebe moto

Tarehe 10 Machi 1906, huko Courrières kaskazini mwa Ufaransa, watu 1,099 walikufa katika mlipuko uliosambazwa na vumbi la makaa. Tangu wakati huo haiwezekani kusema kwamba mgodi wenye gesi kidogo uko salama kwa sababu hiyo tu.

Kiasi cha vumbi kinachotosha ni kidogo kuliko jicho linavyodhani. Chukua vumbi jepesi la makaa lenye unene wa karatasi moja, yaani kama milimita 0.12. Kila mita ya mraba ya tabaka hilo ina takribani gramu 60. Njia yetu ina mita 14 za sakafu, kuta na paa kwa kila mita moja ya urefu, hivyo hubeba gramu 840 za vumbi, ambazo zikitimuliwa kwenye mita za ujazo 10 za hewa zinatoa gramu 84 kwa kila mita ya ujazo. Vumbi laini la makaa linaweza kuubeba mlipuko kuanzia karibu gramu 50 hadi 100. Ikiwa alama ya kidole inaonekana wazi ukutani, umeshafika.

Kinga yake ni unga wa mawe, kwa kawaida jiwe la chokaa lililosagwa, ambao hunyonya joto la moto unapotimuliwa pamoja na vumbi. Kanuni za Marekani zinataka mchanganyiko wa vumbi lililotulia uwe na angalau asilimia 80 ya vitu visivyoungua. Kwa makadirio ya tahadhari, bila kuhesabu majivu na unyevu uliomo ndani ya makaa, hiyo ni kilo 4 za unga kwa kila kilo 1 ya vumbi. Palipo na methani hewani kiwango hupandishwa kwa asilimia 0.4 kwa kila asilimia 0.1 ya gesi, hivyo njia ya kurudishia hewa yenye asilimia 0.6 inahitaji asilimia 82.4.

Usidanganywe na sakafu nyeupe. Unga uliomwagwa wiki iliyopita, kisha ukafunikwa na vumbi jembamba jeusi la wiki hii, hauzuii kitu, kwa sababu wimbi la hewa hutimua kwanza kilicho juu. Sampuli ya kina inaweza kupita maabara kwa asilimia 85 huku tabaka la juu likiwa makaa matupu. Kwa hiyo tazama rangi ya uso wa juu, hasa kando ya mikanda ya kubebea makaa na kwenye njia za kurudishia hewa ambako vumbi jepesi hutua, na umwage unga upya njia inapoanza kuwa nyeusi, bila kusubiri ratiba. Unga ukilowa na kushikamana hautimuki, na usipotimuka hausaidii.

Hatua ya sita: feni kuu ikisimama

Feni kuu ikisimama, zima mara moja umeme wote wa eneo la kazi na mashine zote, kisha ondoa watu kwenye nyuso za kazi. Usimtume mtu kwenda kuangalia kwanza. Kanuni za Marekani zinatoa dakika 15: feni isiporejea ndani ya muda huo, kila mtu anatoka mgodini.

Feni ikirejea, hatari haijaisha, na kwa namna fulani imeongezeka. Gesi iliyojikusanya ikiwa juu ya asilimia 15 haikuweza kulipuka. Hewa mpya inapoipunguza, itapita katikati ya asilimia 15 na 5 ikielekea chini, na itasukumwa kama wingu kwenye njia ya kurudishia hewa. Kwa hiyo hakuna swichi inayowashwa wala mtu anayekaa upande wa kurudi wakati gesi inatolewa. Subiri mkondo utulie, kisha mkaguzi mwenye sifa aingie akitokea upande wa hewa safi, akipima karibu na paa kadiri anavyosonga, hadi ncha ya pazia, hadi uso wa kazi. Umeme unarudishwa pale tu kila mahali alipopima panapoonyesha chini ya asilimia 1, pazia limekaguliwa urefu wake wote, na anemomita kwenye mdomo wake imesoma tena mita 4 kwa sekunde.